Milimita Nane

Ornella hakuwa mvivu, hilo tulielewe kwanza, maana watu wa mtaa wetu wa Mususa wakisimulia habari hii huanzia kwenye uvivu. Uvivu gani? Mwaka ule wa vita wenzake wa shule ya uuguzi walikimbilia kwa wazazi wao, yeye akabaki Butembo kumalizia staji, yale mafunzo ya kazi, kwenye kituo cha lishe. Asubuhi alipima watoto wa wakimbizi, jioni alisoma silabusi yake kwa mshumaa. Ukimwita mvivu mtu wa namna hiyo, basi mimi na wewe tuitwe wafu.

Kosa lilitoka kwingine, tena kwenye bidii. Kituo kilikuwa na utepe mmoja tu wa kupimia mikono ya watoto, na Melchior, muuguzi mkuu, aliuficha kama mwanamke anavyoficha kitenge kipya. "Kila stagiaire ajitengenezee wake," alisema. Ukurasa wa mwisho wa silabusi ulikuwa na mchoro wa utepe, milimita zake zote zimepangwa. Ornella akaupeleka kwa Phinées, mwenye mashine ya fotokopi, akaugandisha kwenye filamu kuukuu ya radiografia, kisha akaupaka rangi kwa mkono wake: nyekundu mpaka mia moja na kumi, njano mpaka mia moja ishirini na tano, kijani kuendelea. Ukapendeza kweli. Hata Melchior aliusifia, na yule bwana hasifii kitu.

Asubuhi moja alitumwa kwenye uwanja wa parokia, walikolala watu waliokimbia kutoka upande wa Mambasa. Mizani haikuwapo pale, wala ubao wa kupimia urefu. Kazi ilikuwa kuchuja kwa utepe. Mtoto wa nyekundu anapelekwa kituoni akapimwe uzito na kulazwa. Wa njano anapewa unga wa soya na kuambiwa arudi juma linalofuata. Wa kijani anarudi kwa mama yake.

Kavugho alifika mstarini na binti yake wa mwaka na kidogo, Shekinah. Ornella akafanya kila kitu kama alivyofundishwa. Aliukunja mkono wa kushoto, akatafuta mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, akatia alama ya kalamu katikati. Akauachia mkono uning'inie, akauzungushia utepe bila kuubana wala kuulegeza. Mia moja kumi na sita. Njano.

"Mademoiselle, huyu mutoto hapana muzima," Kavugho alisema. "Nikimubeba mugongoni, ni sawa nabeba nguo tupu. Pima tena."

Ornella akapima tena. Mia moja kumi na sita. Akaibonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, akahesabu polepole mpaka tatu, akaachia. Hakuna shimo lililobaki, kwa hiyo mtoto hakuwa na uvimbe.

"Iko njano, mama. Hapana nyekundu. Utamupa uji na mafuta, utarudia juma ijayo."

"Juma ijayo sitakuwa hapa. Leo tunapanda kamio ya Kipese, kwa mama wa bwana yangu. Kule juu hakuna kituo."

"Basi umupe uji kule kule." Mstari ulikuwa mrefu, jua kali, na Ornella alikuwa amechoka. Akaongeza neno ambalo baadaye lilimchoma kooni: "Utepe hausemi uongo, mama."

Kavugho alichukua unga wake na kadi yenye ile namba, akaenda zake.

Mchana Ornella alirudi kituoni na watoto wake wa nyekundu. Melchior akatoa utepe wake mfukoni na kuanza kuwapima upya, maana ndivyo desturi yake ilivyokuwa. Wa kwanza, Ornella aliandika mia moja na saba. Melchior akapata mia moja kasoro. Wa pili vilevile, chini. Wa tatu vilevile.

"Unalegeza!" Melchior alifoka. "Nimekwambia mara ngapi? Utepe ukae kwenye ngozi! Unapima mutoto ao unapima hewa?"

"Sikulegeza, chef."

"Aka! Sasa ni mimi sijui kupima?"

Ornella alijisikia kulia, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi. Akamchukua mtoto wa tatu, akamvalisha utepe wake mbele ya Melchior, umekaa kwenye ngozi barabara. Namba ikawa ileile ya asubuhi. Akauvua, akamvalisha ule wa kituo hapohapo kwenye alama ya kalamu. Chini. Mkono mmoja, mahali pamoja, namba mbili. Wakatazamana.

Ornella alifungua mkoba wake akatoa rula ya plastiki aliyokuwa nayo tangu shule ya msingi. Aliulaza utepe wa kituo juu yake: sentimita kumi ikakaa juu ya kumi. Akaulaza wake. Kumi yake ilikaa kwenye tisa na vistari vitatu.

Mungu wangu! Phinées! Yule kijana alikuwa amesema, akicheka, kwamba ukurasa ulikuwa mkubwa kuliko karatasi yake, kwa hiyo ameupunguza kidogo ili mchoro usikatwe pembeni. Na Ornella alimshukuru. Naam, alimshukuru kwa uangalifu wake! Mashine ilikuwa imezisogeza milimita karibu karibu, na kila mkono aliopima ulionekana mnene kuliko ulivyo.

Ornella alipiga hesabu nyuma ya mkono wake kwa kalamu. Mtoto aliyesoma mia moja kumi na nane kwenye utepe wa uongo, kwa kweli ni mia moja na kumi. Basi mia moja kumi na sita...

"Mia moja na nane," alisema kwa sauti. "Shekinah ni wa nyekundu. Chef, yule mama anapanda kamio ya Kipese leo!"

"Wengine wote wako parokia, wale wa njano na wa kijani. Nitaenda mimi, nitabarudilia bote kwa hesabu ya kadi zao." Melchior aliuokota utepe wake juu ya rula, ule aliokuwa akiuficha, akamtilia mkononi. "Weye kimbia."

Akakimbia. Kwenye maegesho ya malori hakukuta kamio, alikuta matope na maganda ya ndizi tu. Muuza karanga akamwonyesha barabara ya Lubero: imeondoka sasa hivi, iko kwenye barrière, kizuizi cha askari. Ornella akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, bila kuuliza bei, na njia nzima aliomba kitu ambacho hakuna mtu wa Butembo mwaka ule aliwahi kukiomba: kwamba askari wawe wasumbufu, wapekue kila mzigo, wachelewe.

Mungu ana masikio. Kamio ilikuwa bado imesimama, watu wamejazana juu ya magunia, na askari mmoja alikuwa akirudisha karatasi kwa dereva. "Noki noki!" alipiga kelele, yaani haraka haraka. "Muende!"

"Mama Shekinah!" Ornella aliruka chini pikipiki ikiwa bado inatembea. "Mama Shekinah, shuka! Tafazali, shuka na mutoto!"

Kavugho alichungulia kutoka juu ya magunia. Pembeni yake alikaa mama mkwe wake, Mama Kasonia, aliyeshuka kutoka Kipese kuja kuwachukua, na ndiye aliyejibu.

"Ashuke afanye nini? Asubuhi mulisema mutoto iko muzima. Sasa munataka nini kwetu?"

"Nilikosa, koko," Ornella alisema, akimwita bibi kwa heshima. " Utepe yangu ilikuwa na kosa."

"Haa! Asubuhi utepe hausemi uongo, sasa unasema!" Mama Kasonia aliwageukia abiria. "Munasikia batu ya masomo? Dereva, twende!"

Watu walicheka. Injini iliunguruma. Ornella alikuwa na njia nyingi za kujitetea. Angeweza kusema mashine, angeweza kumtaja Phinées, angeweza kusema chef amenituma. Badala yake alikanyaga tairi, akapanda ubavuni mwa kamio mpaka uso wake ukafika usoni pa Kavugho.

"Mama, weye ulinielezea ukweli na mimi nikakatala. Nilitengeneza utepe mubaya na mikono yangu, na sikuulinganisha na kitu. Rula hii hapa. Tazama na macho yako, kama nasema uongo tena unisukume nianguke."

Akalaza tepe mbili juu ya rula, moja chini ya nyingine. Kavugho alitazama. Kisha aliutoa mkono wa mtoto ndani ya shali. Alama ya kalamu ya asubuhi ilikuwa bado ipo. Ornella akauzungushia utepe wa kituo, akamwachia mama asome mwenyewe.

Mia moja na nane. Rangi nyekundu ilionekana hata kwa yule askari aliyekuwa chini.

"Kule Kipese kuna baridi," Ornella alisema. "Hatafika juma ijayo, mama. Nakuambia vile iko."

Kavugho alimtazama mama mkwe wake. Kwa mila yao, mke hateremki garini mama wa bwana akiwa amesema twende, na kubaki Butembo kulikuwa kubaki bila ndugu hata mmoja, vita nyuma yake. Mama Kasonia alikuwa ameushika mkono mwembamba wa mjukuu wake, kidole gumba na cha kati vimekutana na kupitana. Hakucheka tena.

"Shuka," alisema. "Nitamueleza bwana yako mimi. Shuka, binti yangu."

Wakamshusha kwa mikono ya abiria, mtoto kwanza, halafu mama, halafu fungu lao la nguo. Na kabla dereva hajatia gia, mwanamke mwingine juu ya magunia alinyoosha mkono wa mwanawe nje ya ubavu wa kamio. "Na wangu, mademoiselle? Asubuhi ulimupima na ile ile." Kisha mwingine. Askari alianza kufoka, akaishia kuwasha sigara. Ornella alipanda tena tairini akapima wote, mmoja mmoja. Walikuwa wa njano. Hakumwambia yeyote kwamba utepe hausemi uongo.

Kituoni, Melchior alimvua Shekinah nguo zote, akasawazisha mizani kwenye sifuri, akamtundika. Kilo sita na gramu mia moja. Wakamlaza chali ubaoni, maana hajafika sentimita themanini na tano za kupimwa amesimama. Ornella akashika kichwa, Melchior akanyoosha magoti. Sabini na nne. Melchior alifuata mstari kwenye jedwali kwa kidole: chini ya asilimia sabini ya uzito wa mtoto wa urefu ule. Alienda kuchanganya maziwa mwenyewe, yale mepesi ya mwanzo, na Ornella akakaa na kikombe karibu na Kavugho, wakimnywesha mtoto kidogo kidogo.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, sitaki kuzisimulia. Halafu mtoto akaanza kulilia kikombe kabla hakijafika, na mwenye kujua watoto anajua furaha ya kilio kile.

Asubuhi moja ya kupima, Ornella alizungusha utepe wa kituo, akausoma, akausoma tena. Kavugho aliona uso wake, akashtuka.

"Imeshuka?"

"Hapana, mama. Soma weye."

Kavugho aliinama akasoma. Kisha akatoa ndani ya kitenge ile kadi ya kwanza, ya uwanja wa parokia, iliyochakaa kwenye mikunjo, akaiweka kando ya mkono wa binti yake. Mia moja kumi na sita hapa, mia moja kumi na sita pale.

"Sasa hii njo ukweli," alisema, akampa Ornella mtoto ambebe.