Dawa ya Kupanda Kilima

"Mapafu ni safi, oksijeni iko sawa," alisema daktari, na Rwamba akajua amekwisha. Gachoki, mumewe, alikuwa akiyangoja maneno hayo tangu Rwamba alipopona Kovidi miezi mitano iliyopita.

"Umesikia, Mama Kanini? Huna kitu. Ni uvivu umekuzoea."

Daktari alimlaza Rwamba kwa dakika kumi, kisha akaviweka vidole vya Gachoki kwenye kifundo cha mkono wa mkewe. "Hesabu mapigo dakika nzima, mzee."

"Sabini na sita."

"Sasa asimame. Asitembee, asimame tu."

Baada ya dakika chache Rwamba alianza kutweta. Gachoki alihesabu, midomo ikimcheza. Mia na ishirini na mbili. Akahesabu upya.

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu. Mishipa ya fahamu inayoongoza moyo imevurugika. Wataalamu wengine wanashuku mabaki ya virusi mwilini, wengine kinga ambayo haijaacha kupigana. Hakuna mwenye uhakika bado. Lakini wagonjwa wengi wa hivi wakijikaza leo, huanguka kesho au kesho kutwa. Mama, kuna kazi inayokuangusha?"

Rwamba alitazama sakafu. Kila asubuhi aliyoweza kuamka, Gachoki alimpandisha kilima akiwa na kikapu cha majani chai, eti ndiyo dawa ya kumpa nguvu. Kila alipozidiwa akalala siku mbili, akiamka alikuta kikapu kimeongezwa uzito.

Gachoki alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Kuna dawa nimekuwa nikimpa, daktari," akasema.