Damu ya Mama, Nyumba ya Shangazi

Mbuke alifikishwa hospitalini Shinyanga mikono yake ikiwa imefungwa kwa khanga. Aliyeifunga ni kaka yake Mihayo, aliyemleta kutoka Rwamgasa kwa gari la kukodi. Alimweleza muuguzi kwamba dada yake anang'ata watu na anaongea na wafu, kwa hiyo wasimfungue.

Daktari Zuhura aliifungua khanga ile mwenyewe. Aliuliza nani amemfunga mgonjwa hivi, na Mihayo akajibu kwamba ni yeye.

Mbuke alikuwa mama ntilie, akiwapikia wachimbaji karibu na maduara, mashimo ya dhahabu. Maumivu ya tumbo yalimshika ghafla akiwa kazini, makali kuliko uchungu wa kumzaa Blessing, mwanawe. Kituo cha kwanza waliona mkojo wake mweusi, wakasema ni manjano, ini limeharibika. Kituo cha pili walimpasua wakidhani ni kidole tumbo, wakakikuta kizima, wakamshona. Walipokosa jibu walianza kusema anaigiza. Ndipo Mihayo akaja kutoka Kishapu na jibu lake: uchawi uleule uliomuua mama yao umerudi. Akaamuru dada yake afunge, asionje chakula, ili maombi yafanye kazi. Mbuke alipoanguka kifafa siku za mfungo, alichomwa kituoni sindano ya fenobabito, dawa ya kutuliza kifafa. Baada ya hapo akaanza kuweweseka, na miguu ikakosa nguvu.

Daktari Zuhura alivuta chini kope za Mbuke na kuyachunguza macho yake. Yalikuwa meupe. Akachukua mkojo wake, ambao ulipotoka tu haukuwa na rangi ya kutisha, akauweka dirishani kwenye jua. Pembeni yake akaweka chupa ya mgonjwa wa wodi ya wanaume, mtu mwenye jiwe lililoziba njia ya nyongo. Baadaye alimwita Mihayo aje aone. Mkojo wa Mbuke ulikuwa umegeuka mwekundu wa kahawia. Ule wa pili ulikuwa wa kahawia tangu mwanzo, na daktari alipoutikisa, povu lake lilikuwa la njano.

Alimweleza polepole. Wekundu wa damu unatokana na kitu kinachoitwa hemu. Chembe nyekundu zikizeeka mwili huzivunja, na hemu yake hukatwa ikawa kitu cha kijani, kisha cha njano kiitwacho bilirubini. Damu huipeleka kwenye ini, ini huibadilisha iweze kuyeyuka kwenye maji, halafu huitoa kwa nyongo. Chembe zikivunjika kupita kiasi, au ini likichoka, au njia ya nyongo ikiziba, bilirubini hujaa mwilini na macho huwa ya njano. Ndiyo yaliyompata yule wa wodi ya wanaume: ini lake liliibadilisha, ikakosa pa kutokea, ikarudi kwenye damu na kuingia kwenye mkojo.

"Dada yako hana manjano," alisema. "Shida yake haiko pale hemu inapovunjwa. Iko pale inapotengenezwa."

Hemu hutengenezwa kwa hatua, alisema, na kila hatua ina kimeng'enya chake kinachoiendesha. Kimeng'enya kimoja cha Mbuke kina nusu ya nguvu. Siku za kawaida nusu hiyo inatosha. Lakini mtu akikaa na njaa, au akipewa dawa fulani, ini huongeza kasi ya hatua ya kwanza, na malighafi hurundikana kwenye ile hatua dhaifu. Mrundikano huo ndio unaoambatana na kushambuliwa kwa mishipa ya fahamu, tumbo likauma, akili ikavurugika, viungo vikalegea. Malighafi hiyo hutoka pia kwenye mkojo, nao ukiwekwa juani hubadilika rangi. Ugonjwa unaitwa porfiria, na maabara walikuwa wameukuta.

"Fenobabito imemwongezea," alisema. "Na wewe ulimnyima chakula."

Mihayo alisema yeye alikuwa anamwokoa. Daktari akamuuliza mama yao alikufaje. Mihayo akataja tumbo, mkojo mwekundu, miguu kufa, mwishoni pumzi. Daktari alisema ugonjwa huu hurithiwa, na kwamba kwa maelezo hayo hana shaka kubwa mama alikuwa nao.

"Hapana," Mihayo alisema. "Mama alirogwa. Aliyemroga tunamjua."

Mbuke alikuwa akisikia yote. Aliyekuwa anatajwa ni shangazi yao Sesilia, dada wa baba. Baada ya msiba watu walisema macho yake mekundu ni ya kichawi, wakati kila mtu alijua ni moshi wa jikoni, kwa sababu ndiye aliyewapikia Mbuke na kaka yake walipobaki yatima. Mihayo alikwenda na vijana wenzake wakaichoma nyumba yake kule Kishapu. Shangazi alitoka na nguo alizovaa, akaenda kuishi karibu na Mwadui, akifua nguo za watu. Mbuke alikatazwa kulitaja jina lake.

"Shangazi si damu ya mama," Mbuke alisema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote waligeuka. "Daktari anasema ugonjwa ulikuwa kwenye damu ya mama. Ulichoma nyumba ya nani, Mihayo?"

Mihayo alitoka nje.

Walimwekea Mbuke dripu ya sukari, wakamlisha uji, ugali na viazi kila alipoweza kumeza, wakapandisha taratibu chumvi ya damu yake iliyokuwa imeshuka, wakaacha kila dawa inayodhuru. Dawa yenyewe, hemu ya kuchomwa kwenye mshipa, ambayo huliambia ini lipunguze kasi, haikupatikana. Daktari Zuhura alipiga simu kila alikodhani ingepatikana. Wakamjibu ugonjwa huo ni wa nadra mno, hauna fungu la fedha. Aliiweka simu mezani kwa nguvu hadi muuguzi akageuka. Kisha akakipigia kituo kilichotoa fenobabito, na waliokuwa korido wote wakasikia alichokisema.

Maumivu yalipungua, akili ikarudi. Mikono na miguu ilibaki dhaifu. Jambo la kwanza Mbuke aliloomba ni shangazi yake aitwe.

Sesilia alikuja mchana, mwembamba, kitambaa kichwani. Mbuke alimwamkia shikamoo huku analia, naye akaitika marahaba, akachukua bakuli la uji na kuanza kumlisha. Mihayo alipoingia, alipiga magoti, akasema shetani alimpitia, akaomba yaishe.

Shangazi aliendelea kulisha mpaka bakuli likaisha.

"Shetani hakuwa na kiberiti," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa nacho. Ulinichomea nyumba mbele za watu, na mbele za watu utasema. Ukishasema usinifuate kuniomba msamaha, sina wa kukupa."

Kabla Mihayo hajaondoka, Daktari Zuhura alimwambia naye apimwe, pamoja na watoto wake na Blessing. Kila mtoto wa mwenye porfiria hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na wengi wanayo bila kuugua kamwe. Sampuli zilisafirishwa nje ya mkoa. Blessing hakuwa nayo. Mihayo alikuwa nayo, na binti yake mkubwa pia.

Mihayo alisimama siku ya soko la mnada Kishapu, akakiri akitazama chini kwamba mama aliuawa na ugonjwa na nyumba ya shangazi aliichoma bure. Wapo waliomsikiliza, wapo waliocheka, na mmoja wa wale vijana wa zamani alimwambia amenunuliwa na hospitali. Sesilia hakurudi kijijini. Alisema hawezi kulala jirani na watu waliosimama kuutazama moto.

Mbuke alihamia kwa shangazi huko Mwadui, akaanza kutembea kwa fimbo. Mihayo alipompigia simu kuuliza binti yake aepuke dawa gani, Mbuke alimsomea zote moja baada ya nyingine kutoka karatasi ya daktari, akamwambia mtoto asikae na njaa, kisha akakata simu bila kuaga.