Mjomba Kamwaga Gesi

Wanafunzi wananiita Mama Spana, na sijawahi kuwauliza sababu maana naijua. Nafundisha ufundi wa majokofu kwenye chuo cha ufundi, na mdomo wangu hauna breki. Mtu akifungua nati kwa koleo wakati spana iko mezani, namwambia aende akauze nyanya, aache vyuma vya watu. Siku hiyo lakini aliyekuja kufanya mtihani kwangu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu aliyenifundisha kushika spana wakati bado nafungiwa kamba za viatu. Huyo utamwambia akauze nyanya kwa mdomo upi?

Alikuja si kwa kupenda. Imetoka sheria kwamba fundi asiye na kadi haruhusiwi kugusa gesi ya friji. Mjomba alicheka, akasema yeye ametengeneza mafriji kabla waliotunga sheria hawajaota meno. Kisha mwenye bucha akamwita. Mwenye bucha ndiye mteja wake mkubwa. Ana chumba cha baridi ambacho ng'ombe wazima wananing'inia humo, na matengenezo ya chumba hicho ndiyo yanayomweka Mjomba mjini. Alimwambia bila kuzunguka: wakaguzi wameshanitembelea, mzee wangu. Kafanye mtihani. Ukipata kadi tunaendelea, ukikosa natafuta mwingine, nyama haisubiri. Na chuoni kwetu ukianguka mtihani, kurudia ni baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mezani asubuhi ile.

Kwa sababu ni ndugu yangu, Mkuu wa idara alikuja kukaa pembeni awe shahidi, nisije nikampendelea. Mkuu ni mtu wa umeme. Kuhusu majokofu anajua kwamba ukifungua mlango taa inawaka.

"Shikamoo Mjomba," nikasema.

"Marahaba. Leo niite mtahiniwa," akajibu, akavua saa na kukunja mikono ya shati.

Kazi ilikuwa rahisi kwa mtu kama yeye. Friji lina hitilafu: tafuta, sema, toa gesi iliyomo, fungua, tengeneza. Mjomba aliweka kiganja juu ya kompresa kama daktari anavyompima mtoto homa. Akafunga geji za presha bila kutazama vidole. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio, na pale kwenye kona, ambapo wanafunzi wangu hupita mara tano bila kuona, povu likatoa kipovu kimoja kidogo. "Huyu hapa mwizi," akasema. Nilijaza alama zote. Nilijisikia fahari hadi nikaona haya.

Ikabaki kutoa gesi. Mashine ya kunyonyea ilikuwa mbele yake, na mtungi wa kupokelea ubavuni mwake. Akaitazama mashine, akaisogeza kwa goti ili impishe, akauelekeza mpira wa geji dirishani kwa ustaarabu, akafungua.

Pssssss.

Gesi yote ikaenda zake. Mjomba akafuta mikono, akanigeukia na tabasamu la mtu aliyemaliza kazi kabla ya wenzake.

Kumwaga gesi hewani ni kosa la kuangusha mtu papo hapo. Hata angekuwa amepata mia kwa mia kwenye mengine yote.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimetoa gesi. Si ndivyo ulivyosema?"

"Na mashine hii ni ya kuegemea?"

"Hiyo ni ya gesi ya zamani, ile iliyokuwa inatoboa ozoni." Akauinua mtungi wa gesi mpya uliokuwa chini ya meza, akaniwekea maandishi mbele ya pua. "Soma. Haidhuru ozoni. Dunia inaungua kwa sababu ozoni imetoboka, jua linaingilia tunduni. Gesi hii haitoboi. Sasa mimi nimemkosea nani? Tangu ilipoletwa naiachia tu, na moyo wangu mweupe."

Nilimtazama Mkuu nikitegemea msaada. Mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu, hapo mzee ana hoja," akasema. "Kama haitoboi, joto litapitia wapi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa hajauongeza."

"Mkuu, wahenga hawakuwa na friji."

"Lakini kumwangusha mtu kwa kosa ambalo si kosa ni kumwonea. Nikiwa shahidi siwezi kuweka sahihi. Nieleze, nielewe, au umpitishe."

Nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unamwombea Mkuu asielewe chochote. Ningenyamaza tu, Mjomba angeondoka na kadi. Lakini mafundi waliokuwa wanasubiri zamu yao walikuwa wamejazana mlangoni, masikio nje, na kila mmoja ana mtungi kama ule kwenye duka lake.

Nikaondoa koti la chumba cha baridi kwenye msumari, lile zito la manyoya. Nje jua lilikuwa linachoma bati. "Vaa, Mjomba."

"Unaniua kwa kuniangusha mtihani au kwa joto?"

"Vaa."

Akavaa. Haikupita muda jasho likaanza kumtiririka shingoni.

"Joto hilo limeingilia wapi?" nikamuuliza. "Koti limetoboka?"

"Halijatoboka. Joto ni langu mwenyewe, linakosa pa kutokea."

"Na nikilitoboa?"

"Nitakushukuru."

"Basi. Mwanga wa jua unaingia vizuri, tundu au hakuna tundu, unaipasha ardhi. Ardhi nayo inarudisha joto juu. Huko hewani kuna gesi zinazolizuia lisitoke upesi, na zisingekuwepo kabisa tungeganda. Shida ni kwamba tunazidi kuongeza manyoya kwenye koti. Mkosaji mkubwa ni hewa ya kaboni, ya magari na mitambo na misitu tunayochoma. Na hii uliyoiachia dirishani, Mjomba, kilo moja yake inazuia joto zaidi kuliko kilo elfu moja za hiyo kaboni."

Mlangoni mtu alipiga mluzi. Mjomba alitazama dirisha.

"Sasa ozoni ni nini?" Mkuu akauliza. "Nimefundishwa tangu shule kwamba ozoni ndiyo inazuia jua."

"Inazuia jua lipi? Twende." Nikawaburuta hadi karakana ya pili, Mjomba na koti lake, mafundi wakitufuata hadi mlangoni. Mchomeleaji alikuwa anaunga geti, uso ndani ya kinyago. Nilimwomba asimame kidogo, nikakishika kinyago chake.

"Mjomba, uliwahi kuchomelea bila hiki?"

"Mara moja. Usiku macho yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga. Ngozi ya shingo ikabanduka."

"Uliungua na moto?"

"Hapana. Moto ulikuwa mbali. Ni ile miale."

"Ozoni ni kama kioo cha kinyago hiki. Kinazuia miale inayoharibu macho na ngozi na mimea. Gesi za zamani zilikikwangua kioo, na kule Ncha ya Kusini kikawa chembamba sana kila baridi yao inapoisha, ndilo hilo tundu mnaloliimba. Kioo kikichubuka, utaumia macho. Je, karakana itakuwa ya moto zaidi?"

Mchomeleaji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema karakana ni ya moto kwa sababu chuo hakitaki kununua feni. Mkuu alijifanya hakusikia.

"Na kioo kinaanza kupona," nikaendelea, "kwa sababu dunia nzima iliacha zile gesi za zamani. Kinapona, na joto linazidi kupanda. Kama joto lingekuwa linaingilia pale, Mkuu, si lingepungua?"

Mkuu alikuna kidevu. "Ila zile za zamani mbona nasikia zilikuwa na makosa yote mawili?"

"Ndiyo. Zile zilikwangua kioo na kunenepesha koti. Hii mpya imeachishwa wizi, bado ni mlevi. Mtungi umekwambia kweli kwamba haidhuru ozoni. Haujakwambia kwamba haidhuru kitu."

Mjomba alivua koti taratibu, akalikunja kama kitu cha thamani, akaketi juu ya mtungi mtupu. Alionekana mzee ghafla, na mimi ndiye niliyemzeesha. Roho iliniuma.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Nilikuwa naona wenzangu wanaojisumbua na mashine ni wajinga."

Mkuu alinivuta kando. Macho yake yalikuwa na huruma kweli, na hilo ndilo lilinikera. "Mwalimu, ameshaelewa. Kuelewa si ndiyo mtihani? Mpitishe tu, mimi nitaweka sahihi."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilitaka, tena sana. Nilimfikiria mama, jinsi atakavyonuna mwezi mzima kwa sababu ya kaka yake. Nikawatazama na wale mafundi mlangoni. Walikuwa hawamtazami Mjomba, walikuwa wanaitazama kalamu.

Simu ya Mjomba ikaita. Makompresa yamemla masikio, kwa hiyo huwa anaweka sauti ya nje, na wote tukamsikia mwenye bucha.

"Mzee wangu, vipi? Kadi umepata? Chumba kinavuja, nyama inaanza kulia."

Mjomba alinitazama mimi. Nusura niitikie kwa kichwa kumwambia ndiyo. Shingo ilikuwa imeshaanza.

"Sijapata," akasema. "Nimemwaga gesi."

"Gesi ipi?"

"Hii hii ya kwako."

"Si uliniambia hiyo haina shida? Haigusi ozoni?"

"Nilikwambia upuuzi, na wewe ukaukubali. Ozoni haihusiki hapo. Tafuta mtu mwenye kadi, leo hii."

"Nitamtoa wapi leo hii mtu ninayemwamini?"

Mjomba alipangusa jasho kwa kiganja. "Andika namba ya mpwa wangu. Ana kadi. Ana mdomo mchafu, lakini hamwagi. Na mkataba mpe yeye, usinisubiri mimi."

Akamtajia namba, tarakimu moja moja, polepole, kama anavyowasomea wateja bei. Akakata simu. Mimi nilisema, "Mjomba, sikuomba kazi yako."

"Najua hukuomba. Jaza karatasi yako, watu wanasubiri zamu."

Nikaweka karatasi juu ya meza, nikaandika hajafaulu. Mkuu akaweka sahihi yake bila ubishi. Mjomba aliinama kuisoma, akaweka kidole kwenye nafasi iliyokuwa bado tupu chini.

"Sababu hujaandika," akasema. "Andika. Na usije ukaniandikia ozoni."