Nne na Nane

Simu ya mafundi waliokwenda kufunga jiko la mteja ilipoingia, Zhivka alikuwa amekwisha kuanza kuchora jiko lingine.

"Makabati hayaingii," alisema fundi kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Ukuta ni milimita elfu tatu na ishirini, kama ulivyopima wewe. Makabati yako sita yakipangwa yanafika elfu tatu na ishirini na nne. Tumeyabana kwa vibano, wapi! Na milango ikifungwa, mianya yake penseli inapita."

"Pimeni tena," Zhivka alijibu.

"Dada, tumepima mpaka futikamba imechoka."

Alikata simu, akafungua faili la mteja huyo, Mama Tsvetana. Jiko likajitokeza kwenye kioo cha kompyuta: kabati la sinki la mia nane, la oveni la mia sita, la droo la mia nne, jingine la mia sita, na mawili membamba ya mia tatu pembeni kabisa. Jumla elfu tatu kamili, na milimita ishirini za kupumulia. Aliizungusha picha, akaitazama kwa juu, akaitazama kwa ubavu. Ilikaa sawasawa kama yai kwenye ganda lake.

Ndipo alipoona kijisanduku cha unene wa bodi. Kilisema kumi na sita.

Bodi za Mama Tsvetana zilikuwa za milimita kumi na nane. Za kumi na sita zilikuwa za mteja wa kabla yake, mwenye vyumba vya kupangisha, aliyetaka kila kitu rahisi. Zhivka alikuwa amenakili faili la yule, akabadilisha vipimo vya ukuta, rangi na vishikio, akasahau unene. Kompyuta ikafanya hesabu zake kwa uaminifu: kabati la mia sita, toa mbavu mbili, yaani bodi za pembeni, za kumi na sita, kitako, bodi ya chini, kiwe mia tano sitini na nane. Kilipofungwa kati ya mbavu mbili za kumi na nane, kabati likawa mia sita na nne. Nne mara sita, ishirini na nne. Picha haikujua ni bodi gani iliyolala juu ya msumeno.

Alibadilisha kumi na sita kuwa kumi na nane. Orodha ya kukatia ikajirekebisha yenyewe: mia tano sitini na nne, mia saba sitini na nne, mia tatu sitini na nne, mia mbili sitini na nne. Kila palipokuwa na nane mwishoni, sasa palikuwa na nne. Aliichapa. Halafu akateremka karakanani, akaichomoa ile ya zamani kwenye msumari kando ya msumeno, akaitundika mpya. Mzee Lyuben, fundi wa msumeno, alikuwa nje anavuta sigara. Ile ya zamani Zhivka aliitia mfukoni. Alijiambia kwamba anasahihisha tu.

Saa nane mchana Stamen, mwenye karakana, alirudi kutoka kwa Mama Tsvetana na kitako kimoja mkononi. Alikiweka juu ya meza ya msumeno, akakipima, akachungulia orodha.

"Mzee Lyuben, hebu njoo. Hapa pameandikwa ngapi?"

Lyuben alivaa miwani. Alikuwa na miaka sitini na saba, na majira ya baridi yaliyopita alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. "Mia tano sitini na nne."

"Na hiki nilichoshika?"

Mzee alipima, akapima tena. Uso ukamshuka. "Sitini na nane."

"Vyote viko hivyo, mzee wangu. Vyote."

"Niliona nane," Lyuben alisema polepole. "Naapa, Stamen, niliona nane."

"Nne na nane, kwa jicho bovu, ni ndugu," alisema Stamen, bila ukali, na ule upole ndio uliomchoma Zhivka zaidi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, karatasi ikimkwaruza pajani. Alifungua kinywa. Stamen akasema, "Zhivka, si wewe ulimchapia orodha kwa herufi kubwa kama alivyoomba?" Naye akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ndiyo, kubwa."

Hilo lilikuwa kweli. Ukweli huo mdogo ndio alioukumbatia siku nzima.

Kesho yake Lyuben hakugusa msumeno. Alikwenda mwenyewe kwenye mashine ya kubandika kingo, kazi ya wanaojifunza, akawa anavuta kila kipande mpaka puani kabla ya kukipitisha. Mwenzake akamtania, "Mzee, unakibusu au unakisoma?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya nne asubuhi Zhivka alimkuta kwenye kituo cha basi.

"Gari limeharibika, Mzee Lyuben?"

"Zima kabisa. Nimempa mkwe wangu funguo." Alitazama barabara. "Mtu asiyeona tofauti ya nne na nane, binti, ataona mtoto akivuka? Na yule daktari nimemwambia aniandikie miadi tena. Mke wangu analia, anadhani nitapofuka."

Basi lilikuja. Akapanda akishika nguzo, akigusa kila kidato kwa ncha ya kiatu.

Zhivka hakupanda. Alikwenda karakanani kwa miguu, akitembea haraka, kisha akakimbia. Kutwa hakufanya la maana. Asubuhi iliyofuata, watu wakinywa kahawa kabla ya mashine kuwashwa, aliitoa karatasi iliyokunjikakunjika, akaitandaza juu ya meza ya msumeno.

"Hii ndiyo orodha aliyokatia Mzee Lyuben," alisema. "Imeandikwa nane. Alisoma sawa, akakata sawa. Unene niliukosea mimi, halafu nikabadilisha karatasi ili isijulikane."

Stamen aliichukua, akaisoma, akaiweka. "Kukosea unene, hata mimi nimewahi," alisema. "Hili jingine sijui nilipe jina gani."

Lyuben aliweka kikombe chini. Alivaa miwani, akaisoma orodha mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya namba, mpaka mwisho.

"Siku tano," alisema. "Siku tano naogopa kumimina chai. Ulinikuta kituoni, ukaniuliza gari."

"Nisamehe, mzee."

"Usiniombe sasa. Sasa nina hasira." Aligeukia wengine. "Yaleteni makabati ya yule mama. Mbavu ziko sawa. Vitako na rafu vinapunguzwa milimita nne kila kimoja, tundu za skrubu zinatobolewa upya, kwisha. Hakuna bodi mpya inayohitajika." Kisha kwake: "Wewe utashika upande wa pili. Utasoma namba kwa sauti, nami nitapima kabla na baada."

Walifanya kazi mpaka jioni. "Mia tano sitini na nne," Zhivka alisoma. "Mia tano sitini na nne," alijibu Lyuben, na ukanda mwembamba wa vumbi la bodi ukaanguka. Ikaja mia saba, ikaja mia tatu. Hakumtazama hata mara moja. Makabati yalipofungwa tena na kupangwa sakafuni, Stamen aliyapima kutoka mwanzo hadi mwisho: elfu tatu kamili.

Watu walipiga makofi kidogo. Lyuben alifuta meza yake, akachukua simu, akamwomba mkwe wake alete gari. Zhivka alimsubiri mlangoni, labda angesema kitu. Mzee alipita akamwambia habari za kesho tu: bodi za mteja mpya zimefika, ni za kumi na nane, aandike.