Bendera Iliyonyamazishwa

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bendera, na yeye aliitika. Kampuni yao ilikuwa ya kutengeneza na kukagua lifti za majengo, na kazi yake ilikuwa kukaa na barua pepe zote zinazoingia. Mfumo wa kompyuta ulisoma kila ujumbe kabla yake. Ukikuta maneno kama mkataba, wakili, mahakama, fidia au notisi, uliubandikia bendera nyekundu. Yeye aliufungua, akahakikisha kweli ni moto na si moshi, akaupeleka kwa meneja. Usio na bendera, mfumo uliupeleka wenyewe kwenye kabati la idara yake kwa kufuata kichwa chake. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: bendera nyekundu hailali. Meneja lazima aione siku hiyohiyo.

Meneja mwenyewe hakuwa mtu wa kufoka, na afadhali angekuwa. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Huyu alikuwa akikuangalia tu, kisha anarudi kwenye karatasi zake, nawe unabaki umesimama hujui umesamehewa au umefukuzwa. Bendera alimwogopa tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kuona aibu kulikiri.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, simu yake iliita. Alikuwa mdogo wake, fundi wa lifti katika hospitali kubwa iliyokuwa mteja wao mkuu. Kazi hiyo aliipata kwa mdomo wa dada yake. Bendera ndiye aliyemsimamia na kusema, huyu kijana ni wangu, akiharibu niulizeni mimi.

"Dada, huko kwenu kuna nini?"

"Kuna nini kivipi?"

"Msimamizi wa jengo amenipita hapa, kaniambia nianze kukusanya vifaa vyangu. Anasema waliwaandikia barua nzito mkawakalia kimya. Leo ndiyo mwisho."

"Barua gani? Sijaona barua yoyote."

"Basi ndiyo maana nakuuliza," alisema mdogo wake, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutoogopa. "Dada, nyumba nimeshalipia. Mke wangu ameshahamia."

Bendera alikata simu akaangalia ukurasa wa bendera. Ulikuwa mweupe. Asubuhi ukurasa ule mweupe ulimfurahisha, sasa ulimtia shaka. Akaandika jina la hospitali kwenye nafasi ya kutafutia, na barua ikajitokeza palepale, haikuwa imejificha hata kidogo. Ilikuwa kwenye kabati la ratiba za mafundi, chini ya kichwa cha zamani, "Ratiba ya ukaguzi." Mwandishi alijibu juu ya ujumbe wa zamani, kama watu wafanyavyo wakiwa na haraka. Mpanga ratiba, msomaji pekee wa kabati hilo, alikuwa likizo. Hakuna jicho lililokuwa limeigusa.

Aliisoma huku mkono umefunika mdomo. Lifti ya wodi ya upasuaji ilikwama na mgonjwa ndani yake, fundi wa zamu akachelewa kuliko mkataba ulivyoruhusu. Hospitali ilidai maelezo. "Tunawapa siku tatu za kazi baada ya tarehe ya barua hii kujibu kwa maandishi. La sivyo tutasitisha mkataba na kumkabidhi wakili wetu suala hili." Barua ilikuwa ya Jumatatu.

Mkataba, wakili, kusitisha: maneno yote yalikuwamo, na bendera haikupanda. Bendera hakuhitaji kumuuliza mtu kwa nini, maana alijua.

Barua za hospitali ile zilikuwa na mkia. Hata wakiandika "ahsanteni, tumepokea," chini yake kulifuata maneno marefu kwamba ujumbe ni siri, na atakayeutumia vibaya atachukuliwa hatua za kisheria na kufikishwa mahakamani. Mfumo haujui mkia ni nini na kichwa ni nini. Ukaona mahakama, ukapandisha bendera kila siku, hata kwa salamu za sikukuu. Meneja akachoka. Siku moja alisimama mlangoni, simu mkononi, akasema, "Hawa wa hospitali wanyamazishe." Neno lake lilikuwa hilo tu. Naye Bendera, kwa kutaka kupendeza, akaingia kwenye mipangilio akamnyamazisha mtumaji mzima, barua yake yoyote isipandishwe bendera tena. Angeweza kuuambia mfumo uruke ule mkia tu, uendelee kusoma yaliyo juu yake. Ingemchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alikuwa na haraka ya kusema, tayari bosi.

Mhasibu, mama mmoja wa meza ya pili aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliona uso wake akasogeza kiti.

"Bendera, mbona umekuwa kama umemwagiwa maji? Nani kafa?"

Akamwonyesha. Mhasibu akasoma, akapiga mluzi mdogo, kisha akainama sikioni.

"Sikiliza mwanangu. Ondoa huo unyamazishaji. Halafu rudisha barua kwenye sanduku la barua zinazoingia, mfumo uisome upya. Itapandishwa bendera sasa hivi, na kwenye simu ya meneja itaonekana na saa ya leo. Si ndivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Muhtasari uliokwenda kwa meneja ulionyesha saa ya bendera kupanda. Kuona siku barua ilipofika, ilibidi ufungue barua yenyewe.

"Yeye anasoma muhtasari tu, ana mambo mengi," mhasibu akaendelea. "Atasema, hospitali imeleta maneno leo. Wewe umefanya kazi yako. Nani atakuuliza?"

"Na siku tatu?"

"Zipi?"

"Zinahesabiwa tangu barua, Mama. Akidhani imeingia leo, atapanga kuijibu wiki ijayo. Leo saa ya kufunga ofisi mkataba umekwisha."

Mhasibu akakunja midomo. "Basi mimi nimenyamaza. Lakini wewe ndiye utakayeingia mle ndani. Bendera hufuata upepo, na upepo wa leo siupendi."

Bendera hakucheka. Nitawaambia kweli: alikaa pale akiwa na kidole juu ya kitufe, na alitamani sana kukibonyeza. Si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mwenye hofu huona shimo akaliita mlango. Alimfikiria mdogo wake na nyumba yake mpya. Akafikiria akifukuzwa yeye, mdogo wake atakaa pale kwa mgongo wa nani? Na akinyamaza, watatoka wote wawili, na mafundi wengine wote wa hospitali nyuma yao. Kote alikogeuka kulikuwa na mdomo wazi wa kummeza.

Akachapa barua kwenye karatasi, tarehe yake ikiwa juu inaonekana, akaenda. Korido ya kwenda kwa meneja haikuwa ndefu, lakini siku hiyo ilirefuka. Akagonga mlango.

"Ingia."

"Samahani bosi. Kuna barua ya hospitali. Ilikuja Jumatatu, haikupandishwa bendera. Leo ndiyo mwisho wa kujibu." Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu angesimama katikati asingeendelea.

Meneja alipokea karatasi. Akasoma. Akasoma tena tangu mwanzo.

"Kwa nini haikupandishwa?"

Hapo ndipo angeweza kusema mfumo, na nani angembishia? Mfumo hauna mama wa kuulilia.

"Nilimnyamazisha mtumaji mzima. Nilipaswa kunyamazisha yale maneno ya chini tu. Ni kosa langu."

Meneja akamwangalia kwa yale macho yake. Bendera akasubiri kuambiwa akabidhi ufunguo wa droo. Meneja akanyanyua simu badala yake, akampigia wakili wa kampuni, akamsomea barua neno kwa neno. Kisha akageuza kompyuta kuelekea kwake.

"Andika. Mkono wangu hauko sawa."

Akaandika anavyoambiwa. Kwamba barua ya Jumatatu imepokelewa na inachukuliwa kwa uzito. Kwamba taarifa ya fundi wa zamu inakusanywa. Wakili kwenye simu alisisitiza wasiombe radhi wala wasikane kosa kabla hawajajua ukweli. Kwamba kampuni inaomba kikao. Wakaituma, wakampigia msimamizi wa jengo kuhakikisha ameiona. Walimngoja kwenye laini muda mrefu, na kwa muda huo wote hakuna aliyemtazama mwenzake. Hatimaye sauti ikasema imefika, imefika ndani ya muda, kikao ni kesho asubuhi, na mafundi wabaki kazini mpaka hapo.

Bendera alihisi machozi yanataka kumtoka. Akageuka aende akampigie mdogo wake.

"Ngoja," meneja alisema. "Nani mwingine?"

"Nani mwingine nini, bosi?"

"Niliokuambia uwanyamazishe."

Hakuwa amewafikiria. Waliingia kwenye orodha ya walionyamazishwa mmojammoja, mwaka mzima, kila mmoja kwa neno moja la mlangoni. Alianza kuwataja, na kadiri alivyotaja ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua. Bima. Benki. Mwenye jengo la karakana. Kiwanda kinachowauzia vipuri. Yule mwenye hoteli aliyegombana nao kuhusu kamba za lifti. Wote walinyamazishwa kwa sababu ileile, barua zao zina mikia ya kisheria. Na akiwa bado anataja, akaelewa. Wateja wadogo hawana mikia. Mikia huandikwa na mawakili, na anayeweka mkia wa wakili chini ya salamu ni yule aliye na wakili. Walikuwa wamewafunga midomo walewale wenye uwezo wa kuwashtaki, na bendera zote zilizobaki zikipanda zilikuwa za watu wasioweza kuwafanya kitu.

Meneja alikuwa ameshafika hapo kabla yake. Bendera aliona uso wa meneja umebadilika rangi, na mikono ameilaza juu ya meza kuizuia isicheze.

"Vuta kiti," akasema. "Anza na hoteli."

Akavuta. Akaandika jina la hoteli kwenye nafasi ya kutafutia, na barua zikaanza kujipanga, ambazo hazijafunguliwa zikiwa na wino mzito. Zilikuwa nyingi. Karibu yake alisikia mtu akinong'ona, "Mungu wangu," na ikamchukua muda kuamini kwamba ni meneja, mtu ambaye yeye alimwogopa miaka yote, na kwamba anaogopa kuliko yeye.