Barua Bila Bahasha

Bosi wetu haamini bahasha. Anasema ni hasara tupu, karatasi ndani ya karatasi. Barua zake humpa dereva zikiwa wazi, na dereva huzisoma ili ajue za nani.

Ndivyo ilivyotoka barua ya Mama Vifungo, fundi wetu wa mashine ya vifungo hapa kiwanda cha nguo, aliyekuwa mgonjwa wiki ya kumi. Mimi, niliyeajiriwa kushughulikia mambo ya wafanyakazi, nilipewa nakala baada ya dereva kuondoka: “Lete faili lako lote la hospitali ndani ya siku tatu, tujue unaumwa nini. Usipoleta, umejifukuza kazi.”

Nilipanda ngazi nimefura.

“Bosi, huwezi kudai hivyo.”

“Nimlipe mtu nisiyejua anaumwa nini?”

“Una haki ya kujua atarudi lini na ataweza kazi gani. Ukijua jina la ugonjwa, utapanga zamu gani nalo?”

Alikuna kidevu. “Haya, andika wewe, mjuaji.”

Niliandika: “Pole kwa kuugua. Cheti chako cha mwisho kilikwisha wiki iliyopita. Tunaomba daktari wako aeleze kama bado huwezi kufanya kazi, unatarajiwa kurudi lini, na ukirudi ni kazi gani usifanye kwa muda. Hatuhitaji jina la ugonjwa wala faili lako. Gharama ya cheti ni yetu. Ukihitaji zaidi ya wiki mbili, tuambie. Jibu liletwe kwangu, ndani ya bahasha iliyofungwa. Barua ya kwanza imefutwa.”

Bosi alitia saini akinung'unika. Kesho yake nilinunua bahasha kwa pesa yangu.

Nilikuwa nailamba gundi yake mume wa Mama Vifungo alipoingia ofisini. Hakukaa.

“Shemeji, dereva wenu aliisoma ile barua kwa sauti uani, akiuliza nyumba. Wapangaji wote wamesikia. Tangu jana wanamuuliza mke wangu ana nini hasa.”

Nilimpa barua yangu. Aliisoma polepole, mara mbili.

“Hii angeijibu leo hii,” alisema. “Daktari wake yuko mtaa wa pili.”

“Basi mpelekee.”

Alitoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani. Mama Vifungo ameacha kazi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

“Shemeji, irudishe. Aliandika kwa hasira. Nitasema sikuiona.”

“Si hasira. Anasema hata akirudi, kila atakayemtazama atakuwa anakisia. Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye ile mashine, na sasa hawezi kupita getini.”

Aliondoka na barua yangu, akaiacha ile nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na waliomwaga ni sisi.

Niliipeleka juu. Bosi aliisoma, akashusha pumzi.

“Kumbe jambo limeisha lenyewe,” alisema. “Ila hakusema anaumwa nini?”