Hamira Adai Salio la Ada

"Mimi nikiingia ofisi ya watu, hata feni huzunguka kwa adabu," alijigamba Hamira, akijikung'uta unga masikioni mlangoni pa shule ya lugha. "Dada, wewe kaa utazame. Leo utaona mwanamume anavyodai haki yake bila kuongeza chumvi."

"Bila chumvi? Wewe?" Dada yake mkubwa aliangua kicheko. "Mtu ambaye hata mkate wake nusu ni hewa!"

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana kwa mama yake na serikali tu. Wengine wote walimwita Hamira, kwanza kwa kuwa alikuwa mwoka mikate, pili kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuvimba palipo na joto kidogo.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuvimba. Binti yake alikuwa anaolewa, na wakwe watarajiwa hawakujua ila Kifaransa. Hamira aliapa kuwakaribisha kwa kinywa chake mwenyewe, akalipia muhula mzima wa darasa la jioni. Muhula ukiwa katikati, shule ikabandika tangazo mlangoni, bila kumuuliza mtu: darasa limehamia asubuhi. Asubuhi! Wakati tanuri limewiva na foleni ya wateja imefika kwa fundi viatu! Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule nyingine yenye darasa la jioni, lakini uandikishaji ulikuwa unafungwa siku hiyo hiyo, na bila malipo hakuna kiti. Salio la ada aliyolipa hapa lisiporudishwa, wakwe wangepokewa kwa ishara za mikono, kama ndege inayoegeshwa.

"Ada hairudishwi mwanafunzi akijitoa," alisema katibu wa shule bila kuinua macho. "Imeandikwa nyuma ya risiti."

"Igeuze basi, mama. Mbele mmeandika 'jioni', kwa muhuri wenu. Mimi nimejitoa wapi? Mimi nipo jioni palepale, ninyi ndio mmehama. Nyumba ikihama, mpangaji ndiye mtoro?"

Katibu alibana kicheko kikamtokea puani. Wanafunzi waliokuwa kwenye benchi hawakubana chochote. Kelele zilimtoa mkuu wa shule chumbani kwake, miwani juu ya kichwa.

"Tunaweza kukuhesabia ada hiyo muhula ujao," alisema.

"Mheshimiwa, wakwe zangu hawaji muhula ujao. Muhula ujao watakuwa wameshanitangaza bubu."

Mkuu alisoma risiti mbele, akaisoma nyuma, akashusha pumzi. "Ni kweli. Ratiba tumebadilisha sisi, kwa hiyo kifungu cha kujitoa hakikuhusu. Ada ya usajili inabaki, na kitabu ni chako. Ada ya masomo tutaigawa kwa vipindi vyote vya muhula: ulivyosoma ni vyetu, vilivyobaki tutakurudishia. Sawa?"

"Sawa kabisa!" Hamira alimkonyeza dada yake. Feni ilizunguka kwa adabu.

"Swali moja tu. Tangu tuhamie asubuhi, umehudhuria kipindi chochote?"

Hapo angesema kweli tu, mambo yangeisha. Lakini hamira haijui kipimo.

"Asubuhi?" Alishika kifua. "Mheshimiwa, asubuhi mimi siondoki tanurini hata nyumba ikiwaka moto! Kipindi? Hata kivuli changu hakijafika!"

Mlango wa darasa ukafunguka. Mwalimu wa Kifaransa akatoka na sinia la bati, uso umemchanua kama ua.

"Bwana Hamira! Afadhali umekuja, nikurudishie sinia lako. Asubuhi ile ulituletea skonzi za moto, darasa zima likasahau kusoma! Bado wanauliza utarudi lini. Na ile salamu ya wakwe uliishika vizuri sana!"

Benchi lilicheka mpaka likasogea. Mkuu alishusha miwani machoni ili amwone vizuri.

"Kivuli hakikufika," alisema, "ila sinia lilifika."

"Nilipita tu kuonja..." Hamira alinywea kama unga ulioumuka kisha ukafunguliwa dirisha.

"Kuonja nako ni kipindi. Katibu, punguza kimoja, pesa zilizobaki mlipe sasa hivi, awahi ng'ambo kabla hawajafunga."

Katibu alimlipa, machozi ya kicheko yakimdondokea mezani. Hamira alitia sahihi haraka, akakumbatia sinia, akageukia mlango, akamkuta dada yake amesimama katikati, mikono kiunoni, akitabasamu tabasamu lisilo na dalili ya amani.

"Mwalimu wangu mpenzi," alisema Dada kwa sauti ya asali, "asubuhi hiyo, ni ile ambayo huyu aliniambia anakwenda mara moja kwa muuza unga, akaniachia tanuri peke yangu, mikate ikaungua, na mpaka leo mtaa mzima unaniita Mama Makaa?"